Stika ya Bima ni ya Nani? Abiria wa Basi Anapoumia



Kila basi linalotoka Malindi kuja Mombasa lina stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Abiria akiiona hutulia, kwa kuwa anaamini kwamba nauli aliyotoa imemkatia bima na kwamba akiumia kuna kampuni itakayomlipa. Imani hiyo imewaponza watu wengi, na ndiyo iliyonileta hapa leo. Stika ile ni ya mwenye basi. Abiria hana mkataba wowote na kampuni ya bima. Alicho nacho ni haki aliyopewa na sheria, na haki hiyo huamka tu pale anapopita njia fulani, kwa mpangilio fulani, na kabla ya muda fulani kwisha.

Sheria ninayoizungumzia ni Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Madai ya Watu wa Tatu, Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Ilianza katikati ya miaka ya 1940 na imejengwa juu ya sheria za Uingereza za wakati ule, na Tanganyika nayo ilipata dada yake kipindi hicho hicho. Kiini chake ni kimoja: mtu asiendeshe gari barabarani bila bima itakayolipa deni lake iwapo gari hilo litamuua au kumjeruhi mtu. Naomba neno hilo deni mlishike, kwa sababu mengine yote yanatoka humo. Bima ya lazima hailipi jeraha. Inalipa deni ambalo jeraha limemtwika mwenye gari. Kama mwenye gari hana deni kwa sababu hakukuwa na uzembe wa dereva wala wake mwenyewe, kampuni nayo haina cha kulipa, hata kama abiria amevunjika miguu yote miwili.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinaeleza bima hii lazima imlinde nani. Anayetembea kwa miguu analindwa na bima ya kila gari: la kibinafsi, lori, matatu, basi. Abiria ni habari tofauti. Sheria haimlazimishi mwenye gari la kibinafsi kuwawekea bima anaowapakia. Inamlazimisha mwenye gari linalobeba watu kwa nauli, pamoja na gari linalobeba wafanyakazi kwa mujibu wa mkataba wao wa kazi. Kwa hiyo jirani aliyekupa lifti hadi Mtwapa anaweza kuwa na stika halali kabisa, nawe uliyekaa kando yake usiwe ndani ya bima hiyo, isipokuwa yeye mwenyewe alilipa zaidi ili abiria wake waingizwe.

Hapa pana mtego unaozidi kupanuka kila siku. Kuna magari madogo yaliyokatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi lakini asubuhi na jioni yanabeba watu kwa pesa. Ajali ikitokea, kampuni husema gari lilikuwa likitumika kwa kazi ambayo bima haikuigusa, na hoja hiyo ni nzito. Stika hutaja aina ya matumizi. Aliyepanda gari la namna hiyo anaweza kujikuta anamdai mtu ambaye mali yake pekee ilikuwa gari lile lile lililobondeka.

Sasa tulifuate basi moja. Ajali hii nimeitunga, ila kila kipande chake ni cha kawaida katika kazi yetu ya madai. Basi lina viti 51 na limebeba watu 58. Karibu na Vipingo dereva anatoka kulipita lori, gurudumu la mbele linapasuka, basi linaacha barabara, linamgonga mtu anayechoma mahindi pembeni, kisha linapinduka. Ndani yumo mama mmoja, tumwite Mama Zuhura, anayeuza mitumba Kongowea na kubakiwa na shilingi 25,000 hivi kwa mwezi. Mfupa wa paja umevunjika. Anafikishwa hospitali Kilifi, anafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma.

Siku ile nani analipa hospitali? Yeye na jamaa zake, pamoja na bima ya afya kama anayo. Kampuni iliyotoa stika haitumi hata shilingi, na sheria haiilazimishi kufanya hivyo kwa sababu deni la mwenye basi bado halijathibitishwa. Mimi naona hili ndilo tundu kubwa kuliko yote katika sheria hii, na nitalirudia.

Kitakachoamua dai la Mama Zuhura, zaidi ya ufasaha wa wakili wake, ni karatasi za siku ya kwanza. Ajali za mabasi huvutia watu ambao hawakuwamo, wanaojitokeza baadaye na bandeji na shahidi wa kununua. Kampuni zimeumizwa sana na madai hayo, na kila abiria wa kweli anapokelewa kwa shaka. Swali la kwanza atakaloulizwa ni kama alikuwa kwenye basi lile. Jibu lake liko katika kitabu cha matukio cha polisi, jina likiwa limeandikwa siku ile au mara baada ya hapo. Liko katika karatasi ya matibabu ya hospitali ya kwanza, yenye tarehe ya ajali na maneno yanayosema alifikishwa kutokana na ajali ya barabarani. Liko katika tikiti, na kwa wasiopewa tikiti, katika ujumbe wa M-Pesa alipolipa nauli. Kipande hicho cha simu kimeokoa madai mengi, na watu hukifuta bila kujua.

Baadaye polisi watatoa muhtasari wa ajali, ule ambao watu huuita abstrakti. Humo mna nambari ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima, nambari ya bima na tarehe zake. Usipokee karatasi hiyo ukaikunja. Isome papo hapo kituoni. Mabasi na matatu mengi hununua bima ya mwezi mmoja mmoja, na siku chache za pengo kati ya stika iliyokwisha na stika mpya zinatosha kuliacha basi bila bima. Tarehe ya ajali lazima iwe ndani ya tarehe za bima. Kuna pia fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kueleza majeraha. Nayo jina, umri na tarehe zake zilingane na kitambulisho na karatasi za hospitali, kwa sababu wakili wa upande wa pili ataziweka zote mezani pamoja.

Baada ya hapo inakuja kesi. Wengi hufikiri Mama Zuhura anaishtaki kampuni ya bima. Hapana. Katika kesi ya kwanza anamshtaki mwenye basi, na dereva pamoja naye. Mwenye basi hutafutwa kwenye rekodi za usajili za mamlaka ya usafiri, si kwa rangi ya basi wala jina lililoandikwa ubavuni. Ukimshtaki dereva peke yake unaweza kupata hukumu nzuri dhidi ya mtu asiye na kitu. Ukimshtaki aliyekwisha kuliuza basi, utapoteza mwaka mzima mkibishana nani mwenyewe. Na kama kuna gari jingine lililochangia ajali, mfano lori lile lingekuwa limehamia upande wa basi, washtakiwe wote wawili. Abiria hana kazi ya kuamua yupi alikosa zaidi. Hiyo ni kazi ya hakimu. Lakini aliyemwacha mmoja nje ya kesi atasikia lawama yote ikisukumiwa huyo asiyekuwapo.

Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Sikuzote wapo wanaofika ofisini mwaka wa nne, kwa kuwa mwenye basi alikuwa akiwatuliza kwa ahadi na nauli za bure.

Pamoja na kesi hiyo kuna hatua ndogo inayoua madai makubwa. Kifungu cha 10 kinaitaka kampuni ipewe taarifa ya kesi, ama kabla haijafunguliwa ama muda mfupi sana baada ya kufunguliwa. Taarifa ikikosekana, kampuni haiwajibiki kwa hukumu itakayotoka, hata iwe ya haki namna gani. Mwenye busara hupeleka taarifa kwa maandishi kabla ya kesi, na kubaki na nakala yenye mhuri wa kampuni. Nakala ile ilindwe kama hati ya shamba.

Mahakamani, mwenye basi atasema gurudumu lilipasuka kwa bahati mbaya na hakuna aliyekosea. Ni utetezi wa kawaida, na unastahili kujibiwa kwa mambo ya hakika. Basi lililo katika hali nzuri na linaloendeshwa vizuri haliachi barabara na kupinduka, hivyo likipinduka, mwenye basi na dereva ndio wanaotazamiwa kueleza kilichotokea. Mkaguzi wa magari alikuta gurudumu katika hali gani? Lilikuwa limekwisha meno? Dereva alikuwa akienda mwendo gani hata akashindwa kulizuia basi? Watu 58 katika viti 51 ni uzito uliozidi. Kama dereva alishtakiwa kwa kosa la trafiki na kutiwa hatiani, hukumu hiyo humsaidia sana abiria. Lakini dereva akiachiliwa, dai halijafa, kwa sababu kesi ya jinai hudai ushahidi mzito kuliko kesi ya fidia.

Watamuuliza Mama Zuhura pia kuhusu mkanda. Tangu kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zile za waziri John Michuki, magari ya abiria yanatakiwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo. Aliyekuwa na mkanda mzima kando yake asiufunge anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama. Kama mkanda ulikuwa umekatika au haukuwapo, aseme hivyo tangu taarifa yake ya kwanza kwa polisi, asingoje kuulizwa miaka miwili baadaye.

Tuseme hakimu ameridhika. Kwa maumivu na ulemavu anampa shilingi 900,000. Gharama za hospitali zenye risiti ni 280,000. Miezi 8 bila biashara, kwa shilingi 25,000 kila mwezi, ni 200,000. Kukitoa kile chuma siku za usoni ni 120,000. Jumla ni shilingi 1,500,000. Akionekana alichangia kwa asilimia 10 kwa kutofunga mkanda, zinabaki 1,350,000. Angalieni kwamba fedha za hospitali na za biashara zimesimama juu ya ushahidi. Matumizi yasiyo na risiti hayalipwi, na mapato yasiyo na daftari wala shahidi hupunguzwa au hukataliwa.

Sasa deni limethibitishwa, na kifungu cha 10 kinaamka: kampuni inatakiwa kulipa hukumu hiyo moja kwa moja kwa aliyeumia. Ikikataa, Mama Zuhura anafungua kesi ya pili, na safari hii mshtakiwa ni kampuni yenyewe. Haombi fidia tena. Anaomba mahakama itamke kwamba hukumu ya kwanza inaifunga kampuni. Anachopaswa kuonyesha ni kwamba bima ilikuwapo, kwamba hukumu ni ya deni ambalo sheria ililazimisha liwe na bima, na kwamba taarifa ilitolewa kwa wakati.

Je, kampuni inaweza kukwepa kwa sababu basi lilijaza kupita kiasi? Makanga watawaambia abiria kwamba aliyesimama hana bima. Si kweli, na naomba mlitangaze hili. Kifungu cha 16 kinayataja masharti ambayo kampuni haiwezi kuyatumia dhidi ya aliyeumia: idadi ya watu waliobebwa, ubovu wa gari, umri au hali ya dereva, saa na eneo gari lilipokuwa. Kampuni inaweza kuwa na ugomvi na mteja wake juu ya mambo hayo, na ikishamlipa aliyeumia inaweza kumgeukia mwenye basi imdai. Abiria wa 58 analipwa kama wa kwanza. Vivyo hivyo, mwenye basi akikaa kimya bila kuiarifu kampuni yake kuhusu ajali, kosa hilo ni lake, haliondoi haki ya abiria. Njia kubwa iliyobaki kwa kampuni ni kwenda mahakamani yenyewe, si zaidi ya miezi 3 baada ya kesi ya abiria kuanza, na kuthibitisha kwamba mwenye gari alipata bima kwa kudanganya au kuficha jambo zito.

Wengi hawafiki huko. Wakala wa kampuni huja mapema, wakati mwingine mgonjwa akiwa bado kitandani, na karatasi ya makubaliano pamoja na kitita cha haraka. Kukubaliana nje ya mahakama si jambo baya. Hata mawakili tunalitafuta. Ubaya ni kutia sahihi kabla daktari hajasema mfupa utaunga vipi na kama kuna upasuaji mwingine. Karatasi ile huwa na maneno yanayofunga dai lote, la sasa na la baadaye. Mama Zuhura angepokea shilingi 150,000 wiki ya pili, zile 120,000 za kutoa chuma zingetoka mfukoni mwake.

Katika basi lile lile wapo wengine. Makanga alivunjika mkono. Yeye ni mwajiriwa, na bima ya lazima hailazimiki kumlinda aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri wake. Njia yake ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mchoma mahindi aliyegongwa pembeni anafuata njia ile ile ya Mama Zuhura, ila yeye haulizwi tikiti wala mkanda. Kama angegongwa na gari lililotoroka bila kujulikana, Sura ya 405 isingemfikisha popote, kwani hakuna mwenye gari wa kumshtaki. Wenzetu wa Rwanda wana Mfuko Maalumu wa Dhamana unaowalipa walioumizwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Sioni kwa nini sisi tusiwe nao. Na basi likivuka Horohoro kwenda Tanga, liwe na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua, ili bima ya Kenya iwajibike kwa ajali ya ng'ambo.

Wa mwisho katika basi lile ni kijana aliyeumia uti wa mgongo na hatatembea tena. Mahakama imempa shilingi 9,000,000, fedha za uangalizi wa maisha yake yote. Kwake sheria ina ukuta: kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Zile 6,000,000 zinabaki deni la mwenye basi mwenyewe. Ana basi lililobaki? Limewekwa rehani benki? Wakili mwema huyachunguza haya kabla ya hukumu. Inaniuma kwamba aliyeumia zaidi ndiye anayefunikwa na sehemu ndogo zaidi ya hasara yake.

Na kuna jambo jingine ambalo stika haiwezi kulionyesha, nalo ni afya ya kampuni iliyoitoa. Historia yetu hapa ni ya uchungu. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011, na miaka ya karibuni Xplico na Invesco zikafikia kufilisiwa. Nyingi zilikuwa na biashara kubwa ya matatu na mabasi. Ada zilishushwa ili kuvutia wateja, madai yakaja baada ya miaka, na fedha hazikuwapo. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, malipo husimamishwa, na mwenye hukumu mkononi hukaa akingoja. United ilipoanguka, wenye mabasi nao walikwenda mahakamani kuomba mali zao zisikamatwe kwa madeni ambayo waliyalipia bima. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, lakini kiwango chake cha juu ni shilingi 250,000 kwa dai. Iweke kando ya 1,350,000 za Mama Zuhura.

Ndiyo maana nasema sheria ibadilishwe mahali pawili. Kwanza, kampuni iliyotoa stika ilipe hospitali kiasi fulani kilichowekwa, ndani ya siku chache, bila kuuliza nani alikosea, na kiasi hicho kikatwe baadaye katika fidia. Ugomvi wa lawama uendelee mgonjwa akiwa ametibiwa. Pili, ule ukomo wa 3,000,000 uangaliwe upya kwa walemazwa wa kudumu, hata kama ada kwa kila kiti itapanda kidogo. Wenye mabasi watapinga, na najua ada ni mzigo kwao. Lakini leo mzigo huo wanaubeba abiria, nao hawakuulizwa.

Hadi hapo, mwenye hukumu ambayo kampuni yake imeanguka asiitupe. Hukumu dhidi ya mwenye basi haikufa pamoja na kampuni. Sheria ya ukomo wa muda inaipa miaka 12. Apeleke dai lake kwa mfilisi kabla ya tarehe iliyotangazwa, aombe kinachopatikana katika Mfuko, na kwa kiasi kilichobaki aendelee kumtazama mwenye basi: kama amri ya mahakama ya kuzuia mali yake isikamatwe bado ipo au imeondolewa, na kama kuna gari jingine lililosajiliwa kwa jina lake.